UZI: Chumba cha futi 10 kwa 10, televisheni ya 4K au 8K: jicho linaona pikseli ngapi?

Shomari_Temeke

Wakuu, salaam. Ninapanga chumba cha futi 10 kwa 10. Televisheni itakaa juu ya meza iliyoegemea ukuta mmoja, na kochi limebanwa kwenye ukuta wa pili. Nimepima kwa futikamba kutoka mahali kioo kitakapokaa hadi machoni mwangu nikiwa nimeegemea kochi, nikapata mita 2 kamili. Chumba hakiniruhusu kukaa mbali zaidi ya hapo hata nikitaka.

Nimezunguka madukani na nimebaki na chaguo tatu. Ya kwanza ni inchi 43 ya Full HD, ambayo bei yake naimudu bila kukopa. Ya pili ni inchi 55 ya 4K. Ya tatu ni inchi 65 ya 8K ambayo muuzaji ananishawishi niichukue kwa kulipa kidogo kidogo, akidai kwamba anayekaa karibu ndiye anayehitaji pikseli nyingi kuliko wote. Matumizi yangu ni mpira kupitia king'amuzi, filamu kupitia intaneti, na katuni za watoto. Naomba mnisaidie kwa hesabu, si kwa mapenzi ya chapa: kwa mita 2, jicho la binadamu linaona nini na lisichoona ni nini?

Nyamwezi_Digital

Ndugu Shomari, hesabu yake ni fupi. Jicho lisilo na kasoro hutenganisha vitu viwili vikiwa vimeachana kwa moja ya sitini ya digrii. Maana yake ni kwamba ukipata pikseli 60 katika kila digrii moja ya upana wa eneo unaloliona, zinazozidi hapo hazionekani.

Sasa chukua kioo cha inchi 55. Upana wake ni sentimita 122 hivi. Ukigawa kwa pikseli 3840 za 4K, kila pikseli inapata milimita 0.32. Pikseli ya ukubwa huo inafikia moja ya sitini ya digrii ukiwa umbali wa mita 1.1, na ukirudi nyuma zaidi ya hapo 4K inaanza kupotea bure. Wewe upo mita 2, karibu mara mbili ya umbali huo. Kwa inchi 43 ya Full HD, pikseli ni milimita 0.5 na mpaka wake ni mita 1.7, kwa hiyo hata hiyo Full HD tayari umeshaipita. Nunua ile ya inchi 43, fedha itakayobaki nunua spika. Chumba kidogo, kioo kidogo.

Mpimaji_Moro

Ninafanya kazi ya kupima macho, kwa hiyo naomba nirekebishe jambo moja katika hesabu ya Ndugu Nyamwezi. Kugawanya kwake ni sahihi. Tatizo ni ile namba 60.

Moja ya sitini ya digrii ni kipimo cha mtu anayesoma mstari wa 6/6 kwenye chati ya herufi. Sisi tunautumia mstari huo kama mahali ambapo mtu anahesabiwa kuwa hana kasoro inayohitaji miwani, lakini si mwisho wa uwezo wa jicho. Kijana mwenye macho mazuri, au mwenye miwani iliyopimwa vizuri, mara nyingi anashuka hadi mstari wa herufi ndogo zaidi wa 6/5, na wapo wanaosoma 6/4 bila kukunja uso. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge pamoja na wa kampuni ya Meta walichapisha vipimo walivyofanya kwa kioo kilichokuwa kinasogezwa mbele na nyuma ya mtazamaji. Kwa michoro ya nyeusi na nyeupe walipata wastani wa pikseli 94 kwa digrii. Kwa nyekundu na kijani walipata 89, na kwa njano na zambarau 53 tu. Kwa hiyo jicho lina kikomo tofauti kwa kila aina ya rangi, na kile cha weusi na weupe kiko juu kwa zaidi ya nusu kuliko tulivyozoea kusema.

Tuirudie hesabu ya Shomari kwa mita zake 2. Inchi 43 ya Full HD inampa pikseli 70 kwa digrii. Inchi 55 kama ingekuwa ya Full HD ingempa 55, na ya 4K inampa 110. Inchi 65 ya 4K inampa 93, yaani inagusa kile kikomo cha 94 karibu sawasawa. Hapo ndipo 8K inapoishiwa hoja: kwa umbali huo, 4K ya inchi 65 imeshalijaza jicho la wastani, na pikseli za ziada zingeanza kuonekana iwapo angesogea mbele ya kochi lake na kukaa sakafuni karibu na meza.

Vilevile sikubaliani na ule msemo wa chumba kidogo, kioo kidogo. Kinachoamua ni pembe ambayo kioo kinaijaza machoni, na chumba kidogo kinakusogeza karibu kwa lazima. Mwenye sebule ya mita 4 akinunua inchi 55 ya 4K, ndiye anayelipia pikseli asizoziona. Muuzaji wako, Shomari, kanuni aliyokupa ni ya kweli. Ameivuta tu hadi mahali isipofika.

Bi_Rukia

Nami nina chumba kidogo kama hicho, na mjukuu wangu hukaa umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye kioo. Naomba kujua, hizi pikseli nyingi ndizo zinazoharibu macho ya watoto, au ni mwanga wake? Mimi mwenyewe nina miwani ya kusomea na nikiivaa naiona televisheni kama imefunikwa na ukungu.

Mpimaji_Moro

Shikamoo Bi Rukia. Wingi wa pikseli hauna madhara kwa mtoto. Ila mtoto anayesogelea kioo kila mara, hata ukimrudisha, mpeleke akapimwe, kwa sababu huenda haoni mbali na ndiyo sababu anasogea. Miwani yako ya kusomea imetengenezwa kwa umbali wa kitabu, sentimita 40 hivi, ndiyo maana kioo kilichopo mita 2 kinageuka ukungu. Vua unapotazama televisheni.

Swali lako linagusa uzi huu kwa njia moja. Mtu anayesoma 6/12 bila miwani anaona nusu ya undani wa mtu wa 6/6, kwa hiyo anafikia mwisho wake kwenye pikseli 30 kwa digrii. Kwa mtu huyo, ile inchi 43 ya Full HD tayari ina pikseli zaidi ya mara mbili ya anazoziona. Kabla ya mtu kuongeza fedha kutoka Full HD kwenda 4K ni vema akapime macho kwanza.

Jabali_la_Mbeya

Wataalamu mbona mnalidogosha jicho? Imeandikwa mahali pengi kwamba jicho lina pikseli milioni 576. Kioo cha 8K kina milioni 33 tu. Kwa hesabu ya kawaida bado tuko mbali sana na uwezo wa jicho, na 8K ni mwanzo tu.

Mpimaji_Moro

Ndugu Jabali, namba hiyo inapatikana kwa kuchukua ukali wa katikati ya jicho na kuutandaza katika eneo lote ambalo macho yanaweza kuzunguka. Jicho halijajengwa hivyo. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali kamili ni ndogo mno, digrii 2 hivi. Nyosha mkono uangalie kucha ya kidole gumba: eneo lako la ukali halizidi sana upana wa kucha hiyo. Kwa Shomari aliyeko mita 2, ni duara la sentimita 7 juu ya kioo. Akiitazama jezi ya mchezaji, maandishi ya matokeo kwenye kona yanakuwa hayasomeki mpaka ageuze macho.

Kioo chote kinalazimika kuwa kikali kwa sababu hakijui utatazama wapi, lakini ukali wenyewe unapimwa kwa ile sehemu ya sentimita 7. Hata pale katikati, chembe zinazopokea mwanga zimepangwa takribani 120 kwa digrii, kwa hiyo ndani ya digrii moja hakuna mahali pa kupokea mamia ya pikseli hata kioo kikiwa nazo.

Fundi_Kioo

Nimewasoma wote, na kwa upande wa jicho nakubaliana na Mpimaji. Mimi natengeneza televisheni, na malalamiko ninayoletewa ni ya aina moja: "Nimenunua 4K lakini mpira hauna tofauti." Mara nyingi kioo ni kizima kabisa. Tatizo liko kwenye kinachoingizwa.

Shomari amesema anatazama mpira kwa king'amuzi. Chaneli za kawaida za king'amuzi si za 4K. Televisheni inapokea pikseli chache na kuzikuza ili zijae kioo, na picha iliyokuzwa inaweza kulainika kingo lakini haipati undani ambao haukutumwa. Filamu za intaneti ndizo zinazoweza kuleta 4K ya kweli, ila Netflix wanashauri uwe na megabiti 15 kwa sekunde kwa kiwango hicho, na saa moja inaweza kula hadi gigabaiti 7. Anayetumia kifurushi cha simu ataona kifurushi kimekwisha kabla mhalifu hajakamatwa. Laini ikipungua nguvu, picha inashushwa kimyakimya bila taarifa yoyote kwenye kioo.

Jambo la pili ni mwendo, na hapa ndipo pikseli nyingi zinapotea hata mawimbi yakiwa mazuri. Kamera ya mpira inapofuata shambulizi, tuseme kitu kinavuka kioo chote kwa sekunde 3. Matangazo yetu yana picha 50 kwa sekunde, kwa hiyo kuvuka huko kunachukua picha 150. Gawanya 3840 kwa 150, utapata kwamba kila picha inaruka zaidi ya pikseli 25. Vioo vya kawaida vinaishikilia kila picha bila kusogea hadi inayofuata ifike, ilhali jicho linaendelea kusogea pamoja na mchezaji, na matokeo yake ni mkwaruzo wa upana wa pikseli 25 machoni. Undani wa pikseli moja haupo tena. Kwa mtu wa mpira, kioo chenye mwendo safi na weusi mzuri kina faida kuliko kuongeza pikseli.

Anayetaka kujua kikomo chake mwenyewe asitegemee wastani wa Cambridge. Achore mistari ya pikseli moja moja, nyeusi na nyeupe, aionyeshe kwenye kioo, kisha arudi nyuma taratibu mpaka mistari igeuke kijivu kitupu. Umbali huo ndio mwisho wake. Programu ya kuchora ni hii, ya Python pamoja na maktaba ya Pillow:

```
from PIL import Image
w, h, k = 3840, 2160, 1
p = Image.new("L", (w, h))
p.putdata([255 * (x // k % 2) for y in range(h) for x in range(w)])
p.save("mistari.png")
```

Ukibadilisha `k` kuwa 2, kila mstari unakuwa na upana wa pikseli mbili, sawa na pikseli moja ya Full HD kwenye kioo hichohicho. Hivyo unapima 4K na Full HD bila kununua televisheni mbili.

Kijana_wa_Arusha

Fundi, nimefanya jaribio lako kwenye inchi 50 ya 4K ya hapa nyumbani. Mwanzoni nilichomeka flashi moja kwa moja kwenye televisheni, nikaona mawimbi mapana ya kijivu yanayofanana na pazia lililokunjwa, na hayakubadilika hata niliposogeza pua karibu na kioo. Je, kioo changu ni 4K ya uongo?

Fundi_Kioo

Hapana, si lazima. Televisheni nyingi hubadilisha ukubwa wa picha za flashi hata kama kioo ni cha 4K, kwa hiyo mistari inabanwa au kukuzwa na kuzaa mawimbi hayo. Tumia kompyuta na kebo ya HDMI, weka `3840x2160` kwenye mipangilio ya kompyuta na ukuzaji wa picha uwe asilimia 100. Kisha kwenye menyu ya televisheni tafuta ukubwa wa picha, uchague `Just Scan`, `Screen Fit` au jina linalofanana na hayo, ili kingo zisikatwe. `Sharpness` irudishe kwenye kiwango ambacho haiongezi chochote. Ukisogea karibu kabisa unapaswa kuona mistari iliyonyooka na yenye nafasi sawa kutoka ukingo hadi ukingo. Ukiona hata utepe mmoja wa mawimbi, bado kuna kitu kinaikuza au kuibana picha.

Kijana_wa_Arusha

Imekubali. Kwa miwani yangu ya kila siku, mistari ya pikseli moja imegeuka kijivu nilipofika mita 1.4, na ile ya pikseli mbili nimeipoteza kwenye mita 2.8, yaani mara mbili sawasawa. Kochi letu liko mita 2.1. Sijui niseme nini, kwa sababu nikiwa kochini mistari ya 4K siioni lakini ya Full HD naiona waziwazi.

Mpimaji_Moro

Hicho ni kipimo kizuri. Kwa kioo cha inchi 50, mita 1.4 ni sawa na pikseli 85 kwa digrii, kwa hiyo uko chini kidogo ya wastani wa Cambridge na juu sana ya ile 60. Kochini kwako Full HD ingekupa 64, ambazo hazikutoshi, na 4K inakupa 127, ambazo zinakuzidi. Mahitaji yako yamekaa katikati, na kwa kuwa hakuna anayeuza televisheni ya katikati kwa ukubwa huo, unachukua 4K na kutumia sehemu yake. Watu wengi wa vyumba vidogo watajikuta hapo. Rudia na mistari ya kulala pia. Tofauti kubwa kati ya mistari ya wima na ya kulala ni dalili kwamba miwani inahitaji kuangaliwa upya.

Nyamwezi_Digital

Nakubali kuhusu namba 94, lakini mistari nyeusi na nyeupe si filamu. Ndiyo tofauti kali kuliko zote ambazo kioo kinaweza kuonyesha. Ngozi ya mtu, majani, vumbi la barabara, vyote vina tofauti hafifu za mwanga, na jicho hupoteza undani hafifu mapema zaidi. Hata huo utafiti umepima michoro iliyotulia. Kwa picha halisi inayotembea, bado naamini 60 inatosha.

Mpimaji_Moro

Kwa undani hafifu uko sahihi, na sina kipimo cha kukupinga kwa filamu. Ila kuna upande mwingine. Jicho hugundua kuvunjika kwa mstari ulionyooka kwa udogo unaopita sana ule wa kutenganisha mistari miwili, hadi sehemu ndogo ya moja ya sitini ya digrii. Waya wa umeme uliopita mshazari kwenye picha, au ukingo wa herufi, unaweza kuonyesha ngazi ndogo hata pale ambapo pikseli zenyewe huzioni. Filamu iliyopigwa kwa kamera nzuri hulainisha kingo hizo, lakini michezo ya kompyuta na maandishi mara nyingi hayalainishwi vya kutosha.

Mwanachuo_UDOM

Hilo la maandishi ndilo lililonileta. Chumba changu ni cha bweni, na kioo kimoja ndicho televisheni na ndicho kompyuta. Nina inchi 43 ya 4K juu ya meza, nakaa sentimita 80. Kwa filamu sioni cha ajabu, ila kwa kusoma tofauti ni kubwa. Shida ni kwamba herufi nyekundu juu ya weusi zinatoka zimechafuka kingo, ilhali nyeupe ni safi. Pikseli 4K zote zipo, jaribio la mistari limepita.

Fundi_Kioo

Kwa sentimita 80 unapata pikseli 56 kwa digrii, na ingekuwa Full HD ungepata 28, kwa hiyo wewe unazitumia pikseli zako zote na ungeweza kutumia zaidi. Katika uzi huu ni wewe peke yako ambaye ningemwelewa akiitamani 8K.

Uchafu wa herufi nyekundu unatokana na rangi. Video husafirishwa ikiwa na weusi na weupe kamili, lakini rangi hupunguzwa nusu kwa upana na nusu kwa urefu, na televisheni nyingi zinafanya hivyo hata kwa mawimbi ya kompyuta. Jaribio la mistari haligundui kwa sababu halina rangi. Nenda kwenye orodha ya HDMI ubadilishe alama ya sehemu uliyochomeka kebo iwe `PC`, na kwenye kompyuta chagua `4:4:4` au `RGB`. Kama kompyuta yako ni ya zamani inaweza kukubali hilo kwa picha 30 tu kwa sekunde, na utaona kishale cha kipanya kinakokota.

Shomari_Temeke

Nimewaelewa. Ya 8K nimeifuta kabisa. Inchi 43 ya Full HD ingenipa 70, na nilipojaribu kwa rafiki mwenye inchi 55 ya 4K, mistari ya pikseli mbili naiona vizuri kutoka mita 2, kwa hiyo kikomo changu kinazidi 55 na huenda hata 70 hazinitoshi. Naelekea kwenye 55 ya 4K, na fedha ya ziada nitaitumia kuchagua yenye mwendo mzuri kama Fundi alivyosema. Swali moja limebaki: dukani nitaujuaje huo mwendo, maana wanaonyesha video za maua na samaki zinazosogea polepole?

Fundi_Kioo

Mwombe muuzaji aondoe video hiyo aweke mpira wa moja kwa moja kutoka king'amuzi cha hapo dukani. Simama mita 2, umfuate kwa macho mchezaji anayekimbia pembeni, ujaribu kusoma namba ya mgongoni akiwa katika mwendo. Kisha angalia nyasi wakati kamera inageuka: kwenye kioo dhaifu uwanja unageuka rangi moja kama umepakwa, na kamera ikitulia nyasi zinarudi. Usikubali wakuonyeshe ikiwa `Vivid`, kwa sababu mwanga huo mkali unaficha mengi.

Nyamwezi_Digital

Na mkiwa hapo, ombeni waiweke inchi 43 ya Full HD pembeni yake kwa mpira huohuo. Mimi bado nangoja mtu aniambie, bila kujua ipi ni ipi, kwamba ameiona tofauti ya pikseli na si ya ukubwa wa kioo.